Ijumaa usiku ya mama wa dagaa: nilivyojifunza kuandika lalamiko la mteja liende kwa wakubwa

Nimekaa dawati la malamiko kwenye tawi la benki moja hapa Kariakoo mwaka wa sita huu. Kazi yangu ukiitazama kwa mbali inaonekana ndogo: mtu anakuja anaongea, mimi naandika, na kama jambo limezidi uwezo wa tawi tunaliandikia muhtasari wa ukurasa mmoja linapanda makao makuu kwa mkurugenzi wa uendeshaji. Ukurasa mmoja tu. Ila kati ya yale mama aliyoyasema mbele yangu na ule ukurasa kuna kazi ambayo mimi mwenyewe miaka miwili ya kwanza nilikua naifanya vibaya bila kujua, na aliyenifungua macho ni mama mmoja wa Tandika anayeuza dagaa.

Alikuja siku ya Jumanne asubuhi, tarehe 23, kipindi cha masika. Mama mtu mzima, kajifunga kanga, ana mkoba na ndani ya mkoba kuna daftari limeviringishwa kwenye mfuko wa nailoni. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia, akakaa, na kabla sijamuuliza jina akaanza. Nitajaribu kuandika alivyoongea maana ndo msingi wa yote ninayotaka kusema:

"Mwanangu mimi nimechoka, Ijumaa usiku nimetuma hela kwa simu iende akaunti ya tajiri yangu Mwanza, yuko benki yenu hii hii, milioni na laki mbili, ikakatwa, haikufika, nikapiga simu wakaniambia subiri, nikasubiri, nikaenda kwa wakala akaniambia nenda benki, nikaja hapa nikaambiwa rudi kwa wa mtandao, nikarudi, wakaniambia ni benki, nikakaa, hela ikarudi, imerudi pungufu, na mzigo ushauzwa, saizi tajiri hanipokelei simu."

Pumzi moja. Mimi nikaandika kama nilivyosikia, nikaingia kwenye sistimu nikatafuta muamala wa milioni moja na laki mbili kwenda akaunti ile, siku ya Ijumaa kuanzia saa moja usiku mpaka saa sita. Hakuna. Nikatafuta Ijumaa ya wiki iliyofuata, hakuna. Kwa hiyo rasimu yangu ya kwanza ilikua na sentensi hii, naikumbuka neno kwa neno na mpaka leo inaniuma: "Mteja anadai kutuma fedha siku ya Ijumaa usiku, muamala huo hauonekani kwenye sistimu." Soma tena hiyo sentensi kama wewe ndo mkurugenzi uko makao makuu na hujamuona yule mama. Utaelewa nini? Utaelewa mama ni muongo au kachanganyikiwa, na kesi inaishia hapo.

Kilichookoa ni kwamba nilimsomea. Siku hizo nilikua sina mazoea ya kumsomea mteja nilichoandika, ila yeye mwenyewe aliniomba, akasema mwanangu hebu nisomee nisikie umeandikaje. Nikamsomea, nilipofika kwenye Ijumaa akanikatiza, "na nilikua nimeshaswali Isha, nimekaa, kesho yake nikaenda Ijumaa." Nikamuuliza mama, kesho yake ukaenda wapi? "Msikitini, swala ya Ijumaa."

Kumbe. Mama kwao Kilwa. Kwa watu wa pwani waliokulia Kiswahili chenyewe usiku unatangulia mchana, jua likizama Alhamisi ndo Ijumaa imeingia, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule ambao mimi niliyekulia Dodoma nauita Alhamisi usiku. Tulikua tunaongea lugha moja na tunamaanisha siku mbili tofauti. Nikamwambia mama naomba simu, tukatafuta meseji ya muamala, ipo, Alhamisi tarehe 4, saa 20:47, shilingi 1,200,000, na namba ya kumbukumbu ya muamala. Nikarudi kwenye sistimu kwa namba ile ya kumbukumbu, ukatokea. Ila cha ajabu sistimu ikaonyesha umeingia tarehe 4 saa 17:47.

Hapo nikashtuka tena nikadhani ni muamala mwingine. Nikampigia kijana wa aiti, akacheka kidogo akasema kaka, ile sehemu ya miamala ya simu inaandika saa za Griniwichi, yuko nyuma yetu masaa matatu, ongeza tatu. Kumi na saba na tatu, ishirini. Sawa sawa na meseji ya mama. Kwa hiyo kwenye kesi moja nilikua na saa tatu tofauti za tukio lile lile: mama anasema saa tatu kasoro usiku, meseji inasema 20:47, sistimu inasema 17:47, na zote ni kweli. Ukiziacha zikaingia kwenye muhtasari kila moja kivyake, mtu wa makao makuu ataona maelezo yanapingana na atarudisha karatasi na swali, na kila karatasi ikirudi ni siku mbili tatu za mteja zinakwenda. Tangu siku ile mstari wa kwanza wa muhtasari wangu unasema "saa zote ni za Tanzania, kwa mtindo wa saa 24", alafu nazigeuza zote mimi mwenyewe kabla sijaandika chochote. Na sitafuti tena muamala kwa siku na saa ya mdomo, natafuta kwa namba ya kumbukumbu, na kama mteja kafuta meseji namwomba achukue orodha ya miamala kutoka kwa mtandao wake.

Sasa nirudi kwenye yale maongezi yake maana kulikua na kitu kikubwa kuliko siku na saa.

Angalia ile "ka". Nikapiga, wakaniambia, nikasubiri, nikaenda, akaniambia, nikaja, nikaambiwa, nikarudi, nikakaa, hela ikarudi. Hivi ndo tunavyosimulia wote, hata mimi nikikusimulia safari ya Ubungo nitasema nikapanda nikashuka nikapanda tena. Ni tamu kusikiliza, inasogea. Ila ile "ka" inachofanya ni kuunganisha tukio na tukio kama vile yamefuatana dakika kwa dakika, haikwambii kati ya "nikasubiri" na "nikaenda" zimepita siku ngapi. Ukimsikiliza mama unadhani anakuhadithia siku mbili. Zilikua siku kumi na tisa. Siku kumi na tisa mtu anazunguka na shida moja, na kwenye rasimu yangu ya kwanza hazikuonekana kabisa kwa sababu niliandika "mteja alipiga simu, akaenda kwa wakala, akafika tawini" na ikasomeka kama matembezi ya mchana mmoja.

Kwa hiyo kila "ka" nikaifungua. Nilikaa na mama kama dakika arobaini, na sikumuuliza tarehe, maana ukimuuliza mtu tarehe anabahatisha ili akuridhishe, nilimuuliza kulikua na nini siku hiyo. Ulipopiga simu ulikua wapi? Nilikua sokoni, asubuhi, tukaangalia kwenye simu yake orodha ya simu alizopiga, Ijumaa tarehe 5 mara mbili, 08:15 na 11:40. Kwa wakala ulienda lini? Kesho yake baada ya tajiri kunitumia meseji kwamba mzigo kampa mtu mwingine. Meseji ya tajiri ipo, Jumatatu tarehe 8, kwa hiyo wakala ni Jumanne tarehe 9. Hapa kwetu ulikuja lini? "Siku ile mvua."

Siku ile mvua. Ukiwa Dar kipindi cha masika hilo ni jibu la kutosha kabisa, kila mtu anajua siku yake ya mvua. Mimi niliikumbuka maana mwendokasi zilisimama Jangwani, nusu ya wafanyakazi tulichelewa, mpaka saa nne kaunta iliyofunguliwa ni moja tu. Lakini kumbukumbu yangu sio ushahidi, nikamuuliza mama ulichukua kile kikaratasi cha foleni? Akafungua lile daftari lake, kimo, kimekunjwa katikati ya kurasa za mahesabu, Jumatano tarehe 10, 09:32. Huyu mama alikua anatunza kila karatasi. Mimi niliyesoma na kuajiriwa kutunza kumbukumbu ndo niliyekua sina kitu, maana siku ile tarehe 10 tawini kwetu hakufunguliwa tiketi yoyote ya lalamiko lake. Alifika, akaambiwa rudi kwa wa mtandao, akaondoka, na kwenye sistimu yetu ni kama hakuwahi kuja.

Na hapa naomba niseme kuhusu "wakaniambia". Nani? Kwenye Kiswahili "wa" ni watu tu, wanaweza kuwa yeyote. Kwenye sentensi moja ya mama "wakaniambia" ya kwanza ilikua kastoma kea ya mtandao wa simu, ya pili ilikua duka la mtandao huo huo, Ijumaa tarehe 12, na ile "nikaambiwa" ya katikati ilikua sisi. Kaunta yetu. Mtu ninayekula naye chakula cha mchana.

Nitakua mkweli, kwenye rasimu ya pili niliandika "mteja alishauriwa awasiliane na mtandao wake". Sijadanganya lakini angalia nilichofanya: alishauriwa na nani, haipo, na "alishauriwa" limekua neno zuri la huduma kwa wateja wakati mama aliambiwa tu rudi. Ofisini ripoti zetu za kwenda juu zinaandikwa Kiingereza na kule ndo inakua rahisi zaidi kujificha, kuna vitenzi vya namna hiyo vimejaa. Meneja wangu, dada mmoja makini sana, alizungushia duara kwa kalamu nyekundu akaandika pembeni neno moja, "Nani?" Nikabadilisha: "Tarehe 10, 09:32, mteja alifika kaunta ya tawi hili. Ofisa wa kaunta alimwambia arudi kwa mtandao wa simu. Hakuna tiketi iliyofunguliwa." Cheo nimeandika, jina sikuandika, maana lengo la muhtasari ni kumpa mkubwa picha aamue, sio kumshtaki mwenzangu, jina likihitajika lipo kwenye mafaili ya zamu. Ila tendo lazima liwe na mwenyewe. Hilo silegezi tena hata kama mwenyewe ni mimi.

Alafu kuna lile la "ikakatwa". Neno hili kwa mteja lina maana zaidi ya moja na lazima uulize kila mara. Hela imekatwa inaweza kuwa hela yote imetoka kwenye laini, inaweza kuwa makato ya huduma, na kuna wanaosema imekatwa wakimaanisha muamala umekatika katikati. Kwa mama ilikua ya kwanza: milioni moja na laki mbili imetoka pamoja na makato ya shilingi 6,500. Iliporudi Ijumaa tarehe 19 ilirudi 1,200,000 kamili, 6,500 haikurudi, na ndo maana akasema imerudi pungufu. Mimi nilivyosikia pungufu nilidhani laki kadhaa hazipo. Ningeandika "fedha zilirejeshwa pungufu" bila tarakimu, mkurugenzi angeanza kutafuta wizi ambao haupo.

Sasa mafaili yetu yalionyesha nini? Usiku ule maombi ya mtandao yalitufikia 20:47, benki ikapokea, ila majibu ya kwamba tumepokea hayakurudi upande wa mtandao ndani ya muda wake, kwa hiyo muamala ukabaki unaning'inia, kwa tajiri haujaingia na kwa mama umeshatoka. Hela yenyewe ilikaa kwenye akaunti ya muda ya benki, ile inayoshikilia miamala isiyokamilika, mpaka watu wa ulinganisho wa hesabu walipoikuta tarehe 18 wakairudisha, kesho yake ikafika kwenye laini. Yaani wakati kaunta yetu inamwambia mama rudi kwa mtandao, hela yake ilikua kwetu.

Kwenye rasimu nikaandika "kutokana na tatizo la mtandao". Ni maneno yanayokuja yenyewe, kila mtu hapa mjini anasema tatizo la mtandao. Kijana wa aiti nilipompelekea asome akaniuliza kaka, nani kakwambia ni mtandao? Kwenye logi inaonekana majibu hayakufika, haionyeshi yalipotelea wapi, inaweza kuwa kwao, inaweza kuwa kwetu, inaweza kuwa njiani. Nilikua nimeandika sababu ambayo hakuna mtu aliyeichunguza, na ikishapanda juu ikiwa na muhuri wa tawi inageuka kuwa ukweli wa benki, mtu atainukuu kwenye kikao. Nikaifuta, nikaweka sehemu inayoitwa "Hakijajulikana". Sehemu hiyo mwanzo niliiogopa, nilihisi inanionyesha sijafanya kazi. Baadaye nikaja kuona ndo sehemu mkurugenzi anayoisoma kwa makini kuliko zote, maana inamwambia anatakiwa amuulize nani nini.

Rasimu ya tatu nikampelekea meneja nikiwa najiamini, ukurasa na nusu, mtiririko mzuri kuanzia tarehe 4 mpaka tarehe 23. Akasoma yote, akaiweka mezani, akasema ndugu yangu nimesoma mpaka mwisho, sasa unataka mkurugenzi afanye nini? Nikamwambia si inaeleweka, mteja arudishiwe hela yake. Akasema hela si imerudi tarehe 19? Nikanyamaza.

Kwa kweli nilikua sijamuuliza mama anataka nini. Nilikua nimejijibia mwenyewe, mtu analalamikia hela basi anataka hela. Nikampigia simu mchana ule, mama samahani, ukipata nini kutoka kwetu utasema jambo limeisha? Akakaa kimya kidogo, nyuma nasikia kelele za soko, alafu akasema, "Hela ilirudi mwanangu. Mimi nataka karatasi ya benki nimpelekee tajiri. Nimeonekana tapeli kwa mtu niliyefanya nae biashara miaka kumi na moja."

Nikaiandika hapo hapo kama alivyoitamka. Utaratibu wangu mpaka leo ni kuweka sentensi moja ya mteja mwenyewe ndani ya muhtasari, moja tu, kwa maneno yake, Kiswahili chake kama kilivyo hata kama ripoti ni ya Kiingereza, na tafsiri chini yake. Siandiki "mteja alikua na hasira" au "mteja alikua mkali", maana hayo ni maoni yangu kuhusu yeye na hayamsaidii mtu kuamua. Lakini ile sentensi ya tapeli ilieleza hasara halisi ambayo haikuwepo kwenye tarakimu zozote, kwamba biashara ya dagaa wa Mwanza inakwenda kwa uaminifu, tajiri anafunga mzigo kwa simu kabla hela haijaingia, na siku akikuona mbabaishaji umekwisha.

Kulikua pia na suala la hasara. Mama alisema kapoteza shilingi 340,000, ikiwemo nafasi ya lori aliyoilipia Mwanza ikaenda tupu na faida ya mzigo uliouzwa kwa mtu mwingine. Hili ndo hasa lililofanya kesi ipande, tawi halina uwezo wa kuamua fidia ya namna hiyo. Kishawishi kilikua kuandika "mteja amepata hasara ya 340,000" kwa sababu nilimuamini, na nilimuamini kweli. Ila kumuamini mtu na kuthibitisha ni vitu viwili, na ukiandika kama umethibitisha alafu makao makuu wakadai stakabadhi ukakosa, wataanza kutilia shaka mpaka zile sehemu ambazo ziko imara. Kwa hiyo nikazitenganisha waziwazi.

Muhtasari uliopanda hatimaye ulikua hivi, nimeufupisha kidogo na kuondoa namba:

"Tunaomba uamuzi wa mambo matatu: barua ya benki kwa muuzaji wa Mwanza kuthibitisha kwamba mteja alituma fedha tarehe 4 na kuchelewa hakukutokana naye, fidia ya makato ya sh. 6,500, na madai ya hasara ya sh. 340,000, yaliyozidi mamlaka ya tawi. Mteja anasubiri tangu tarehe 4. Saa zote ni za Tanzania, mtindo wa saa 24.

Tulichothibitisha: Alhamisi tarehe 4, 20:47, mteja alituma sh. 1,200,000 kwa simu kwenda akaunti ya muuzaji katika benki hii (meseji na sistimu). Fedha zilikaa kwenye akaunti ya muda ya benki hadi tarehe 18 na kumfikia mteja tarehe 19, bila yale makato ya sh. 6,500. Tarehe 10, 09:32, mteja alifika tawi hili (karatasi ya foleni); ofisa wa kaunta alimwambia arudi kwa mtandao wa simu; hakuna tiketi iliyofunguliwa. Tarehe 8 muuzaji alimwarifu mteja kwamba mzigo umeuzwa (meseji).

Anachosema mteja, hatujathibitisha: hasara ya sh. 340,000. Ameonyesha daftari lake la mahesabu. Stakabadhi ya lori anaitafuta.

Hakijajulikana: majibu ya muamala yalipotelea wapi usiku wa tarehe 4, na kwa nini ulinganisho ulichukua siku 14.

Maneno ya mteja: 'Nimeonekana tapeli kwa mtu niliyefanya nae biashara miaka kumi na moja.'"

Ombi liko juu kabisa, meneja alisisitiza hilo, mkurugenzi anaweza kusoma mistari minne ya kwanza akiwa kwenye gari na akajua anatakiwa kuamua nini, huko chini anashuka akitaka kujua kwa nini. Picha za meseji na kikaratasi cha foleni nikaziambatanisha, namba za akaunti nikaziziba nikaacha tarakimu nne za mwisho, na meseji zake nyingine zilizoonekana kwenye skrinshoti nikazikata. Ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, ila hata isingekuwepo, meseji za mama na watoto wake hazina kazi yoyote kwenye kesi ya dagaa. Kabla ya kutuma nikamsomea mama tena kwa simu kwa Kiswahili, nikamwambia nikikosea nikatize. Akanikatiza sehemu moja, kwenye kuinakili sentensi yake nilikua nimeandika miaka kumi, akasema kumi na moja, mwanangu, andika kumi na moja.

Majibu yalirudi siku ya tatu. Barua imekubaliwa, 6,500 imekubaliwa, na kuhusu hasara wakasema watalipa kile chenye stakabadhi. Ya lori ikapatikana, 90,000, ikalipwa. Faida ya mzigo hawakulipa, na nilipomweleza mama nilimweleza hivyo hivyo, kwamba ile sehemu haikua na karatasi na wamekataa. Hakufurahi, ila hakushangaa, maana tangu mwanzo nilimsomea ikiwa kwenye fungu la "hatujathibitisha".

Barua alikuja kuichukua mwenyewe. Akaniomba nimsomee taratibu, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza muhuri uko wapi, nikamwonyesha, akaupapasa kwa kidole kuona kama umekauka. Alafu akaniuliza kama naweza kumtolea nyingine kama ile, yenye muhuri wake pia. Moja itapanda basi la jioni kwenda Mwanza mkononi mwa dereva anayemjua, na nyingine akaiingiza kwenye daftari, akaliviringisha kwenye mfuko wake wa nailoni, akalirudisha mkobani.